Tamko la wasaidizi wa kisheria wa Kalemela kuhusu ushahidi wa tabia na makosa ya zamani ya mshtakiwa

Sisi wasaidizi wa kisheria tunaohudumia wananchi wa Kalemela, mkoani Simiyu, tunatoa tamko hili kwa mahakimu, waendesha mashtaka, viongozi wa sungusungu na kila mwananchi anayeitwa kutoa ushahidi.

Chukua mfano wa kesi ya wizi wa ng'ombe. Ng'ombe wanne wametoweka zizini usiku, nyayo zimepotelea mbugani, na mwanakijiji mmoja amekamatwa. Shahidi anapanda kizimbani na kusema: "Mheshimiwa, huyu tunamjua. Alishafungwa kwa wizi wa ng'ombe." Hajasema alimwona wapi, saa ngapi, wala akiswaga mnyama gani. Lakini tangu hapo kila neno la mshtakiwa linasikilizwa kama neno la mwizi.

Chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ya mwaka 1967, tabia mbaya ya mshtakiwa haipokelewi ili kuthibitisha kwamba ametenda kosa analoshtakiwa nalo. Mahakama ya Mwanzo haiongozwi na sheria hiyo, ina kanuni zake za ushahidi za mwaka 1964, lakini hatari ni ileile. Kifungo cha zamani hakimwonyeshi mtu yeyote ndani ya lile zizi usiku ule.

Hatusemi kwamba yaliyopita yafichwe daima. Mwaka 1961 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua rufaa ya John Makindi. Makindi alishtakiwa kwa kifo cha mtoto aliyekuwa chini ya malezi yake, naye akajitetea kwamba mtoto alikuwa na kifafa na aliumia alipoanguka. Upande wa mashtaka ulileta ushahidi kwamba huko nyuma alikuwa amempiga vibaya mtoto huyohuyo. Mahakama iliukubali, kwa kuwa ulionyesha chuki yake kwa mtoto yule na kujibu moja kwa moja dai la kuanguka. Haukuletwa ili kusema tu kwamba yeye ni mkatili.

Kesi ya Noor Mohamed, iliyoamuliwa mwaka 1949, ilikwenda kinyume. Alikuwa mfua dhahabu huko Guyana, wakati huo koloni la Uingereza, na alikuwa na sumu ya sayanidi kihalali kwa ajili ya kazi yake. Mwanamke aliyeishi naye alikufa kwa sumu hiyo. Mashtaka yakaeleza kwamba mkewe wa awali naye alikufa kwa sumu hiyohiyo. Baraza la rufaa huko London lilitengua hukumu, kwa sababu hapakuwa na ushahidi kwamba ndiye aliyempa marehemu sumu, na huenda mwanamke yule aliinywa mwenyewe. Kifo cha kwanza hakikuziba pengo hilo. Kilichobaki ni shuku nzito, na baraza lilisema kwamba ushahidi wenye msingi mwembamba na madhara makubwa kwa mshtakiwa usipokelewe hata kama kuna njia ya kuupitisha kisheria.

Tukirudi kwenye ng'ombe wetu, tuseme mshtakiwa amekutwa nao mnadani, akadai aliwanunua kwa nia njema bila kujua ni wa wizi. Kama aliwahi kukutwa na ng'ombe wengine wa wizi, chapa zao zikiwa zimechomwa upya kwa alama ileile na kibali cha kusafirisha kikiwa kimeghushiwa kwa namna ileile, hilo linagusa dai lake la kutojua. Lakini kama anachobisha ni kwamba hakuwepo kabisa, kifungo cha zamani hakimsaidii hakimu kwa lolote.

Tunawaomba mahakimu wamuulize mwendesha mashtaka, kabla shahidi hajataja kosa la zamani, jambo hilo linathibitisha nini katika shtaka hili. Jibu likiwa "ndiyo tabia yake," lisiingie kwenye mwenendo wa shauri. Kumbukumbu za makosa ya nyuma zina wakati wake, nao ni baada ya kutiwa hatiani, hakimu anapopima adhabu.

Kwa washtakiwa wasio na wakili tunatoa tahadhari moja, maana wengi huumia hapa. Ukimuuliza shahidi, "Wewe si unajua mimi ni mtu mwema, sijawahi kuiba?" umefungua mlango mwenyewe, na mashtaka yanaweza kujibu kwa kuleta rekodi yako. Muulize alikuona wapi, palikuwa na mwanga gani, na alisimama umbali gani. Shahidi akianza kusimulia kifungo chako bila wewe kugusa tabia, nyoosha mkono hapohapo useme, "Mheshimiwa, napinga," na uombe pingamizi lako liandikwe, ili mahakama ya rufaa ilikute kwenye kumbukumbu.

Viongozi wa sungusungu nao wanapomkabidhi mtuhumiwa polisi, tunawaomba waandikishe walichokiona na walichokikamata: rangi ya ng'ombe, chapa, mahali na saa.