Droo na Simu: Mizani ya Kibanda cha Wakala

Tangu M-Pesa ilipozinduliwa nchini mwezi wa Machi 2007, kibanda cha wakala kimekuwa miongoni mwa biashara ambazo akina mama wa mwambao wetu huzianza karibu na nyumbani, kando ya duka la shela au mbele ya genge la mboga. Wengi huanza kwa mtaji walioudunduliza kwa miaka mingi au waliokusanya katika chama. Baadhi yao, baada ya mwaka mmoja au miwili, hujikuta mtaji umepungua ilhali wateja hawajapungua na mwizi hakuingia. Wiki hii tumekusudia kueleza kwa nini hutokea hivyo, na jinsi hesabu ya kila jioni inavyoweza kulizuia jambo hilo kabla halijawa kubwa.

Tuanze na msingi. Mtaji wa wakala ni mmoja, lakini hukaa mahali pawili. Sehemu moja ni noti na sarafu zilizomo kwenye droo, yaani taslimu. Sehemu ya pili ni fedha iliyomo katika laini ya wakala, nayo ndiyo iitwayo floti. Mteja anapoweka pesa, wakala hupokea noti na kumtumia mteja floti: droo hupanda, simu hushuka. Mteja anapotoa pesa, mambo hugeuka: simu hupanda, droo hushuka. Kiasi kinachotoka upande mmoja ndicho hicho hicho kinachoingia upande wa pili. Ada ambayo mteja hutozwa anapotoa pesa hukatwa katika akaunti yake na kwenda kwa kampuni, wala haipiti katika droo ya wakala. Kwa hiyo, wateja wawe wawili au mia mbili, taslimu ukiijumlisha na floti lazima upate mtaji ule ule ulioanza nao asubuhi.

Na faida je? Faida ya wakala ni kamisheni, nayo haionekani katika hesabu ya siku. Hurundikana kwa kila muamala, kisha hulipwa mwezi ukishamalizika. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Muuza samaki akitoa shilingi 300 za chakula cha mchana katika mauzo yake, huenda ametoa katika faida aliyokwisha kuipata. Wakala akitoa shilingi 300 katika droo, ametoa mtaji, kwani faida ya siku ile bado haijafika mkononi mwake. Akifanya hivyo siku 26 za mwezi, amekula shilingi 7,800. Duka la nguo likipungukiwa rafu huonekana tupu, na mwenyewe hushtuka. Kibanda cha wakala hakina rafu. Droo hujaa na kupwa kila saa kama bahari, na macho hayawezi kutambua kwamba kina chake kimepungua. Karatasi peke yake ndiyo itakayosema.

Tuchukue mfano wa mama mwenye kibanda upande wa Likoni, mtaji wake shilingi 100,000. Leo amefungua akiwa na taslimu 45,000 na floti 55,000. Asubuhi watu wanatoa pesa: huyu ametumiwa na mwanawe aliyeko Ughaibuni, yule ana karo ya kulipa. Ifikapo saa tano, wametoa jumla ya shilingi 28,000. Droo imebaki na 17,000, simu ina 83,000. Mara anakuja bibi mmoja anayetaka kutoa 20,000. Fedha ya kumtosha imo katika mtaji, lakini imekaa upande usiofaa. Bibi huyo akiondoka, kamisheni yake huondoka naye, na pengine kesho ataanzia kibanda cha pili.

Mama wetu anamwomba bibi asubiri kidogo, anamwachia bintiye kibanda, na kwenda benki iliyo karibu inayohudumia mawakala, ili abadilishe sehemu ya floti iwe taslimu. Swali ni abadilishe kiasi gani. Pupa ingemwambia achukue 60,000 ili asisumbuke tena. Lakini yeye anazijua jioni za mtaa wake: baada ya alasiri huja wenye maduka, madereva wa tuktuk na wauza viazi karai, kila mmoja na mapato ya siku, wote wakitaka kuweka. Kwa hiyo anachukua 40,000 tu. Droo inakuwa 57,000 na simu 43,000. Anamlipa bibi 20,000, droo inabaki 37,000 na simu inapanda hadi 63,000.

Jioni wateja wanaweka jumla ya shilingi 52,000, na floti ya 63,000 inawatosha wote. Lau angebadilisha 60,000 mchana, floti ingekuwa 43,000 tu, na baadhi yao wangerudishwa na noti zao mikononi. Hii ndiyo elimu kubwa ya floti: kujua maji yanajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi mahali pako. Daftari la mwezi mmoja litakuonyesha. Wiki ya kuelekea Idi watu hutoa pesa kwa wingi, na sikukuu yenyewe benki hufungwa. Basi anayengoja hadi mkesha kutafuta noti atakuwa amechelewa.

Sasa tufike kwenye hesabu ya kufunga. Kwa mujibu wa simu, floti ni 11,000. Droo inatakiwa iwe na 89,000. Mama anahesabu mara mbili, anapata 88,100. Jumla ni 99,100, na zimekosekana shilingi 900.

Wengi hapa husema, "Ah, ni mia tisa tu," wakafunga mlango. Lakini upungufu una sura yake, na sura hiyo huonyesha ulikotoka. Ukiwa sawasawa na kiasi cha muamala mmoja, mathalani 2,000 kamili na kuna mtu aliyeweka 2,000, basi aghalabu floti ilitumwa kabla ya noti kupokewa, au noti zilitolewa kabla ya ujumbe kufika katika simu ya kibanda. Ukigawanyika kwa tisa bila kubaki kitu, shuku tarakimu zilizopinduliwa au sifuri iliyozidi. Aliyeandika 5,400 badala ya 4,500 hupoteza 900. Aliyeandika 5,000 badala ya 500 hupoteza 4,500. Zote hugawanyika kwa tisa. Si dalili ya yakini, lakini humwambia mtu aanze kutafuta wapi.

Mama wetu alikuwa amefanya jambo moja la busara: alihesabu pia baada ya adhuhuri, na wakati huo jumla ilikuwa 100,000 kamili. Kwa hiyo kosa limetokea jioni, na hana haja ya kurudia miamala ya asubuhi. Anachukua daftari, ambamo huandika kiasi alichopokea mkononi, na kukilinganisha mstari kwa mstari na ujumbe wa simu wenye nambari ya muamala, kiasi na salio jipya la floti. Katika mstari wa saba daftari lasema 4,500, na simu yasema 5,400. Mteja amepata ziada ya 900.

Hapo haraka ni muhimu. Anampigia mteja kwa upole na kumweleza, kisha anawasiliana na huduma ya mawakala akiwa na nambari ya muamala. Mteja akiwa bado hajaitumia fedha hiyo, njia ya kuirejesha ni nyepesi. Ikipita siku mbili tatu na fedha imetumika, litabaki suala la uaminifu wa mteja na subira ya wakala. Kinga yake ni fupi mno: kabla ya kuthibitisha, msomee mteja kiasi kwa sauti, naye akiitikie.

Upo upungufu wa aina nyingine ambao hauna kosa la tarakimu, nao ni ule unaokuja kwa mlango wa udugu. "Shangazi, nisaidie elfu mbili, nitakurejeshea magharibi." Kukataa ni vigumu, na hatusemi jamaa wasisaidiane. Twasema kwamba fedha ikishatoka droo lazima iache alama nyuma yake. Andika jina, kiasi na saa katika kikaratasi, ukiweke ndani ya droo mahali pa noti zilizotoka. Hesabu ya jioni itakuwa na sehemu tatu: taslimu, floti na deni. Zikifika 100,000, mizani iko sawa, nawe unajua ni kiasi gani cha mtaji kiko nje. Vivyo hivyo fedha iliyopelekwa benki lakini bado haijaingia katika simu: iandikwe, na risiti yake ihifadhiwe hadi ionekane.

Kikaratasi hicho kina faida moja zaidi. Deni likiwa kichwani, huonekana dogo. Vikaratasi sita vikilala ndani ya droo, mtu huona kwa macho yake kwamba 9,000 za mtaji hazifanyi kazi. Floti isiyokuwepo haiwezi kumhudumia mteja, na mteja asiyehudumiwa haleti kamisheni. Tukumbuke pia kwamba kamisheni hupangwa kwa viwango vya kiasi, wala si asilimia moja kwa kila shilingi. Miamala mingi midogo huleta zaidi kuliko mmoja mkubwa wa jumla ile ile. (Hata hivyo, kumgawia mteja mmoja muamala wake vipande vipande ili kuzidisha kamisheni ni jambo lililokatazwa.) Kwa hiyo pato la mwezi hutegemea mtaji huo huo umezunguka mara ngapi, na kila shilingi iliyotoka haizunguki.

Kwa matumizi ya nyumbani, njia iliyo salama ni kungoja kamisheni ifike, kisha kuigawa: fungu la kodi ya kibanda, fungu la nyumba, na fungu dogo la kurudisha upungufu uliotokea. Mama akilazimika kuchukua kabla ya hapo, basi naye ajiandikie kikaratasi kama jamaa mwingine yeyote. Jina la mwenye kibanda likikaa miongoni mwa wadeni wake, atajua mwisho wa mwezi ni kiasi gani cha kamisheni kilikwisha kuliwa.

Hesabu yote hii huchukua takriban robo saa: soma salio la simu, hesabu noti mara mbili, jumlisha vikaratasi, andika tarehe na jumla. Ifanywe mlango ukiwa umefungwa, kabla ya kwenda nyumbani, kwa kuwa miamala ya leo hukumbukwa leo.