CHEREHANI HAIJILIPI YENYEWE



Katika mkutano wa ushirika wa mwezi uliopita alisimama bwana mmoja aliyekuja na pikipiki na mkoba wa fomu. Alisema neno ambalo wengi mlilipigia makofi: "Cherehani inajilipa yenyewe." Akaeleza kwamba fundi wa hapa kwetu anashika laki moja na ishirini kwa mwezi, na rejesho la mkopo wake ni hiyo hiyo laki na ishirini, tena kwa miezi minne tu, halafu mashine ni yako na hela yote ni yako. Kina mama watano walichukua fomu siku hiyo hiyo. Sisi wa tawi tulikaa kimya, na hilo ni kosa letu. Leo tunasema, na tunaandika ukutani ili kila mtu asome kwa wakati wake.

Hatupingi cherehani. Aliyesema Katibu na wenzake hawataki kina mama waendelee, huyo ametusingizia. Tunapinga hesabu ya yule bwana, maana ni hesabu ya kumlisha yeye.

Tulimwomba mwenzetu mmoja, tumwite Mama Fundi, atukubalie tutumie mambo yake kwenye darasa la kisomo la jioni. Alikubali. Yeye hana mashine. Anashonea mashine ya mtu kwenye baraza la dukani, kwa nusu kwa nusu. Mwezi wa kawaida anakusanya ufundi wa Sh. 120,000. Mwenye mashine anachukua 60,000, na yeye anabaki na 60,000. Lakini uzi ni wa mwenye mashine, sindano ni za mwenye mashine, baraza analilipia mwenye mashine, na ikiharibika anatengeneza mwenye mashine. Kwa hiyo ile elfu sitini ni yake safi, ndiyo inayonunua sabuni, unga na daftari za watoto.

Sasa tumpe mashine yake mwenyewe, ile ya kukanyaga kwa mguu. Pamoja na meza yake na nauli ya kuifikisha hapa tumeiweka Sh. 360,000. Wateja ni wale wale, kwa hiyo ufundi ni ule ule 120,000. Hamgawii mtu nusu. Lakini sasa uzi na sindano ni juu yake, Sh. 18,000. Baraza 7,000. Mafuta na akiba ya matengenezo 5,000, kwa sababu ukanda wa ngozi utakatika tu, haukatiki ukiwa na hela. Toa hizo zote, anabaki na 90,000.

Hapa ndipo darasa zima lilipogawanyika. Wengine walisema cherehani imemletea laki na ishirini. Wengine wakasema elfu tisini. Wote walikosea. Mama huyu alikuwa anapata 60,000 kabla ya mashine, na hiyo nyumba yake imeshaizoea. Mashine imemwongezea 30,000 tu. Nyongeza ya cherehani ni elfu thelathini kwa mwezi, na hiyo elfu thelathini ndiyo peke yake inayoweza kwenda kulipa deni bila watoto kulala na njaa.

Tuliiandika ubaoni kwa herufi kubwa, na haijafutwa mpaka leo.

Tukirudi kwa yule bwana: anatoa 360,000 na anataka 30,000 kila wiki kwa wiki 16. Jumla 480,000. Maana yake kila mwezi laki moja na ishirini. Nyongeza ni elfu thelathini kwa mwezi, rejesho ni elfu thelathini kwa wiki! Hata Mama Fundi akitoa elfu tisini zake zote, nyumbani pasipikwe kitu, bado anapungukiwa 30,000. Itatoka wapi? Itatoka kwenye gunia la mahindi, itatoka kwa mbuzi, halafu itatoka kwenye mkopo wa pili wa kulipia wa kwanza. Mikopo hii haikuitwa kausha damu kwa bahati mbaya.

Gawa ile 480,000 kwa nyongeza ya 30,000. Inakuja miezi 16. Cherehani inahitaji miezi 16 kurudisha hela yote, lakini mkopo unaitaka hela hiyo ndani ya miezi minne. Neno la "inajilipa" lina ukweli kidogo ndani yake, jamani, ndiyo maana linapita kirahisi. Inajilipa kwa miezi 16. Ile miezi 12 ya tofauti ndiyo yule bwana hakuisema.

Wapo mnaomkumbuka mwenzetu aliyechukua mkopo wa namna hii mwezi wa Februari. Kabla miezi minne haijaisha walikuja kubeba mashine, na godoro, na sufuria mbili. Wengi walisema mvivu. Hakuwa mvivu, tulimwona anashona mpaka usiku kwa taa. Alikosea mwezi wa kukopa na urefu wa mkopo, na hakuna aliyemwambia.

Tunalisisitiza hilo la mwezi. Kila anayeishi hapa anajua kwamba Desemba na Januari watu wanashona: sikukuu, na sare za shule inapofunguliwa. Daftari la Mama Fundi linaonyesha ufundi wa 220,000 kwa kila mwezi katika hiyo miwili. Februari, Machi na Aprili watu wapo shambani, hela imekwenda kwenye palizi, na ufundi unashuka mpaka 50,000. Tulipiga hesabu ile ile. Mwezi mzuri, kwa mashine yake angebaki na 175,000, kwa nusu kwa nusu anapata 110,000, nyongeza 65,000. Mwezi mbaya, kwa mashine yake angebaki na 30,500. Kwa nusu kwa nusu anapata 25,000. Nyongeza ni 5,500. Elfu tano na mia tano, basi! Baraza na matengenezo havijui kwamba ni masika.

Kwa hiyo tukamtafutia mkopo unaolingana na nyongeza yake. Mfuko wetu wa kukopeshana unatoza asilimia 1 kwa mwezi, na riba inapigwa kwenye salio, yaani deni lililobaki, siyo kwenye mkopo wote mpaka mwisho. Akichukua 360,000 kwa miezi 18, kila mwezi anarudisha 20,000 ya mkopo wenyewe, na riba juu yake. Mwezi wa kwanza riba ni 3,600, analipa 23,600. Mwezi wa pili deni limepungua, riba ni 3,400. Inashuka hivyo hivyo mpaka mwezi wa mwisho, riba 200. Riba yote ni 34,200. Angalieni sana hapa: kama asilimia ile ile 1 ingepigwa kwenye mkopo wote kila mwezi, riba ingekuwa 64,800, karibu mara mbili, na mdomoni mkopeshaji angesema vile vile "asilimia moja". Basi muulizeni kila anayekuja: riba inapigwa kwenye salio au kwenye mkopo wote? Mwulizeni na leseni yake, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo.

Kwa mkopo huu wa mfuko, jumla anayolipa ni 394,200. Kwa nyongeza ya 30,000 hela inarudi kwa kama miezi 13, na mkopo una miezi 18. Mashine inamaliza kazi yake kabla ya mkopo kumaliza wake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Lakini hata mkopo huu mzuri unaweza kumwangusha mtu akiuanza vibaya. Akianza kulipa Februari, kwa miezi mitatu atadaiwa 70,200 na nyongeza yake yote ni 16,500. Anapungukiwa karibu elfu 54, na hana akiba. Akianza kulipa mwisho wa Novemba, mpaka Januari inaisha, baada ya marejesho, anaweza kuwa ameweka kando karibu elfu 90, na miezi mitatu mibaya itakula kama elfu 52 tu ya hizo. Mtu yule yule, mashine ile ile, riba ile ile. Basi hela ya Desemba isionekane kama faida ya kununulia khanga. Ni rejesho la Machi limefika mapema.

Liko jambo lingine, na hili wale kina mama watano watusamehe. Shule yetu ni moja. Wateja wa nguo ni sisi hawa hawa. Cherehani haizai mteja. Zikiingia mashine tano kwa mwezi mmoja, ufundi wa 120,000 hautabaki 120,000. Tuseme umeshuka mpaka 80,000. Mwenye mashine atabaki na 56,000, wa nusu kwa nusu 40,000, na nyongeza ya mashine ni 16,000. Hapo hata rejesho la mfuko wetu la 23,600 halifikiwi. Na yule ambaye hajawahi kushona kwa hela, asichukue hesabu ya Mama Fundi akaifanya yake. Wateja wa Mama Fundi wana jina lake mdomoni, hawana jina la mashine. Aanze kwa nusu kwa nusu, ajue daftari lake linasemaje.

Sasa tuiseme na kamati yetu, maana kumsema mgeni peke yake ni uoga. Kwa nini kina mama wanamkimbilia mwenye pikipiki? Kwa sababu yeye anatoa hela kesho. Sisi fomu inakaa miezi mitatu, mara mhuri haupo, mara mweka hazina yuko msibani. Mama anaomba Oktoba ili awahi sare, anapewa hela Januari mwishoni, na kwa kuchelewa kwetu tumemtia kwenye ule ule mwezi wa Februari. Halafu tukitaka kumdai tunasema hana nidhamu. Hiyo siyo haki.

Tunataka mambo haya yaamuliwe kwenye mkutano wa Jumamosi: maombi ya cherehani yapokelewe Agosti na hela itoke kabla Oktoba haijaisha, mwombaji alete daftari la ufundi la miezi isiyopungua sita, ukiwamo mwezi mmoja mbaya, na kamati isipitishe zaidi ya mashine mbili kwa msimu mmoja mpaka tuone wateja wanagawanyikaje. Kina mama watano wenye fomu za yule bwana wazilete kwenye darasa la jioni kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Tunakutana saa kumi na moja chini ya mwembe wa ghala. Chaki ipo.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya darasa la kisomo