Kostimu, Ukumbi na Upatanisho

Kuna mwenzetu aliyesema darasani kwamba montaji ya picha ni uongo tu, na kwamba fundi anayemvalisha mchimbaji kostimu na kumsimamisha katika ukumbi wa arusi anawadanganya watoto wa mchimbaji huyo. Nilinyamaza siku ile. Nimeamua kumjibu hapa, kwa sababu likizo zangu huwa nazimalizia Manika, Kolwezi, katika studio ndogo ya yaya yangu, na kazi hiyo naifahamu kwa mikono yangu.

Nianze na sarufi. Katika Kiswahili sanifu tunasema "kitabu changu kimepotea". Ukiondoa kitabu ukaweka barua, hubadilishi neno moja: inakuwa "barua yangu imepotea". Anayebadilisha nomino peke yake na kuacha "changu kimepotea" amevunja sentensi nzima. Picha nayo ina upatanisho wake. Nguo na mahali husomwa pamoja, na ukibadilisha kimoja, maana ya kingine inabadilika bila kukuuliza.

Mwaka jana alikuja studioni mama mmoja mjane. Mume wake alikuwa mchimbaji wa mikono. Walioana kimila, mahari ikatolewa, lakini ukumbi na kostimu havikupatikana kamwe. Alitaka picha moja ya ukutani, yeye na mumewe katika ukumbi wa arusi, kwa ajili ya watoto wawili ambao mdogo wao hamkumbuki baba. Alileta picha tatu: moja ya shimoni saa sita mchana, mume akiwa na salopeti, ya pili ndogo ya kitambulisho, ya tatu alipigwa amesimama kivulini mlangoni kwake.

Yaya alichagua ya shimoni, kwa kuwa ilikuwa kubwa na safi kuliko nyingine. Kwanza alibadilisha nguo tu, akamwonyesha mama. Mama akatazama, akasema, "Papa, huyu si bwana yangu. Huyu ni mukubwa wa kampuni amekuja kutembelea." Alikuwa na haki. Kostimu kando ya shimo inasema "mgeni", kama vile salopeti ndani ya ukumbi ingesema "fundi wa umeme". Hakuna kosa katika kostimu wala katika shimo. Kosa liko kati yao.

Basi yaya akabadilisha na mahali pia. Mume sasa alikuwa na kostimu, kravati, na nyuma yake mapazia meupe ya ukumbi. Bado picha ilikataa. Mama hakuweza kusema kwa nini, nasi tulikaa karibu saa nzima tukitafuta. Jua la saa sita hutoka juu kabisa: lilikuwa limeweka vivuli vyeusi machoni na chini ya pua, wakati mapazia ya ukumbi yalikuwa na mwanga laini wa dirishani, unaotoka ubavuni. Macho yalikuwa yamefinywa kwa ukali wa jua, na ndani ya ukumbi hakuna anayefinya macho. La tatu lilinifurahisha kuliligundua: chini ya kidevu ngozi ilikuwa na wekundu. Udongo wetu mwekundu hurudisha mwanga juu, na rangi yake hupanda pamoja nao. Mtu yule alikuwa ukumbini, lakini kidevu chake kilikuwa bado shimoni.

Rangi ya kidevu hurekebishika kwenye kompyuta, na kivuli hupunguzwa kidogo. Macho yaliyofinywa hayarekebishiki. Ukiyafungua kwa nguvu, unamchora mtu mwingine. Hapo ndipo nilipomwambia yaya tuiache picha ile nzuri, tuchukue ile ya mlangoni, ingawa ilikuwa ndogo na haikukoza. Mwanga wa kivulini mlangoni ni laini na unatoka upande mmoja, kama wa dirisha la ukumbi.

Tukafanya kazi kwa mpango mpya. Kwanza, tulimpeleka mama kwenye mlango uleule, tukampiga picha kwa saa ileile ya jioni ambayo picha ya mumewe ilionekana kupigwa, kamera ikiwa kwenye kimo cha macho. Kimo ni jambo kubwa: kamera ikiwa kwenye kimo cha macho ya waliosimama, mstari wa upeo hupita machoni mwao. Ukiweka nyuma yao ukumbi uliopigwa kutoka juu ya jukwaa, wataonekana kama wanaoelea, hata ukiwachorea vivuli miguuni. Kwa hiyo ukumbi nao tuliutafuta uliopigwa na mtu aliyesimama sakafuni, wenye dirisha upande uleule wa mlango wetu.

Pili, kulikuwa na swali la mikono. Mafundi wengi hukata kostimu pamoja na mikono ya mwenyewe, wakaweka kichwa cha mteja juu. Mikono huwa ya rangi nyingine, mara nyingine ya umri mwingine, na mjane huitambua mikono kabla ya kitu chochote. Tulimwita mdogo wa marehemu, tukamkodishia kostimu, akasimama mlangoni pale. Kostimu ikapata mwanga uleule, na mikono ikawa ya familia.

Mama alipoiona picha hiyo hakusema kitu. Aliomba tu aibebe siku hiyohiyo.

Mwenzangu atasema: basi mmedanganya vizuri zaidi. Namjibu kwa historia kwanza. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliwaazima wateja kostimu na saa, na nyuma yao alitundika kitambaa. Hakuna aliyedanganyika. Picha zile zinapatana kwa sababu mwanga mmoja ulimwangukia mtu, nguo na kitambaa kwa pamoja. Na Sammy Baloji wa Lubumbashi, katika mfululizo wake *Mémoire* wa mwaka 2006, alikata watu wa picha za kikoloni zisizo na rangi, akawaweka mbele ya mabaki ya viwanda vya Gécamines yenye rangi. Kule kutopatana ni kwa makusudi, na ndiko kunakosema. Kwa hiyo upatanisho si sheria ya polisi. Ni chombo, na mwenye kuuvunja sharti ajue anasema nini.

Pia nisijifanye mlinzi wa usanifu. Nyumbani kwetu tunasema "mutoto yangu", si "mtoto wangu", na hakuna anayejikwaa, kwa sababu "yangu" yetu inatumika kwa utaratibu wake. Sikio husamehe mfumo tofauti. Linachokataa ni nusu ya mfumo huu na nusu ya ule. Picha ya kwanza ya yaya ilikuwa na nusu mbili namna hiyo.

Uongo upo, lakini hauko pale mwenzangu anapouona. Unaanza picha inapotolewa kama ushahidi: mbele ya afisa, au katika ugomvi wa urithi, kuthibitisha arusi ambayo haikufanyika. Dawa yake ni wino. Nyuma ya picha ile niliandika kwa mkono wangu, mama akikubali: uso ni wa baba, umetoka mlangoni kwake, mikono ni ya baba mdogo, ukumbi si wao, imetengenezwa Kolwezi, na mwaka. Naona kila studio ingefanya hivyo. Mtoto yule atakapojua kusoma, ataigeuza picha, na atapata pia jina la mlango ambapo baba yake alisimama kweli.