Hendo Imegoma Kuingia? Pima Matundu, Achana na Urefu!

Wiki hii tunaingia jikoni, ila leo hatufunui sufuria. Tunaishia pale mlangoni mwa kabati, kwenye kile kishikio unachokivuta ukitaka sukari. Kadude kadogo, lakini kamemtoa jasho dada mmoja wa Lagangabilili, kule Itilima, mkoani Simiyu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: “Anti, nimenunua hendo kumi, hakuna hata moja iliyoingia. Kaka anasema saizi nilimtajia mwenyewe. Fundi anasema tubadilishe milango. Wakwe wanakuja mwisho wa mwezi, nifanyeje?”

Milango haibadilishwi, mdogo wangu. Huyo fundi anatafuta kazi. Ngoja kwanza tuone mambo yaliharibikia wapi, maana najua hauko peke yako.

Dada huyu ana kabati la mbao lililopakwa rangi nyeupe, milango sita na droo nne. Hendo za zamani zilikuwa zimeshika kutu, akataka kuzitoa na kuweka zile nyembamba za rangi ya fedha zinazotamba siku hizi. Akafungua moja ya zamani, akailaza juu ya meza, akapima kutoka ncha hadi ncha. Akapata sentimita 13. Akampigia kaka yake aliyeko Mwanza: “Nitafutie za sentimita 13, kumi.” Kaka mtu akaingia dukani, akaulizia 13, akapewa zilizoandikwa 128, yaani milimita 128, ambazo ni sentimita 12.8. Kidogo tu chini ya 13, nani angeshtuka? Akalipa shilingi 4,000 kila moja, jumla 40,000, mzigo ukapanda basi, ukapita Lamadi, ukafika Bariadi, na kutoka hapo ukaenda hadi Lagangabilili. Kuzijaribu, skrubu moja inaingia, ya pili inagonga mbao. Na duka lina kile kibao chetu tunachokijua sote: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kosa liko hapa. Hendo huuzwa kwa umbali wa matundu yake mawili ya skrubu, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lingine. Mafundi husema “kati kwa kati”, na kwenye paketi nyingi utakuta herufi C-C pembeni ya namba. Urefu wa hendo yenyewe ni habari ya urembo. Hendo mbili zenye matundu sawa zinaweza kupishana urefu kabisa, kwa sababu moja imeishia palepale kwenye miguu yake na nyingine imetoa mikia huku na huku. Hendo ya dada yetu ilikuwa na mikia ya milimita 17 kila upande. Toa mbili hizo kwenye 130, inabaki 96. Alitakiwa kuagiza 96.

Sasa kupima. Katikati ya tundu hakuonekani, pale pana hewa tupu, kwa hiyo usijitese kukisia kwa jicho. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza hadi ukingo wa kushoto wa tundu la pili. Matundu yakiwa na ukubwa sawa, jibu ni lilelile la kati kwa kati. Na usianzie kwenye kile kikulabu cha chuma kilichoko mwanzoni mwa tepu, ile mafundi wanayoiita futi. Kikulabu kile kinacheza kidogo, tena kimetengenezwa hivyo makusudi, na kwenye tundu dogo hakikai vizuri. Weka alama ya sentimita 10 kwenye ukingo wa tundu la kwanza, soma la pili, kisha toa 10. Kwa dada yetu tepu ingesoma 19.6. Toa 10, unabaki na 9.6, ambayo ni milimita 96. Huo ndio mchezo mzima.

Kuna balaa moja tu hapo. Kabati likizeeka, tundu moja huwa limelika na kupanuka kuliko mwenzake, na ukipima ukingo kwa ukingo unadanganyika. Hapo pima mara mbili: kwanza nafasi ya ndani, kati ya kingo zinazotazamana, halafu ya nje, kati ya kingo zilizo mbali kabisa. Jumlisha, gawa kwa mbili. Tuseme ndani umepata 90 na nje 102. Jumla 192, nusu yake 96. Njia hii haijali tundu lipi limepanuka, mradi limepanuka kuzunguka pande zote na siyo kutatukia upande mmoja.

Ukishapata namba, iangalie sura. Hendo nyingi madukani kwetu zinakuja kwa mpango wa 64, 96, 128, 160, 192. Ukitoa namba yoyote kwenye inayofuata unapata 32. Hii ni hesabu ya viwanda vya makabati vya Ulaya, ambako mashine hutoboa matundu yaliyoachana kwa milimita 32, na watengeneza vishikio wakaifuata. Kwa hiyo ukipima ukapata 97, usiende kutafuta hendo ya 97, hutaipata hadi uzeeke. Pima tena, karibu hakika ni 96. Ukipata 76 ujue umekutana na hendo ya inchi 3, ya Kimarekani, hiyo ni familia nyingine.

Na ukipata 90, au 105? Basi kabati lako lilitobolewa kwa mkono na fundi wa mtaani aliyekuwa na hendo yake mfukoni. Hakuna dawa ya dukani hapo, unatoboa upya.

Watu huniuliza, je, tofauti ndogo haisameheki? Inasameheka, ila kwa kiasi. Skrubu za hendo kwa kawaida zina unene wa milimita 4, na tundu hutobolewa kwa milimita 5. Kila skrubu inapata nusu milimita ya kusogea kila upande, kwa hiyo ukikosea milimita moja kwa jumla bado zinaingia, ingawa kwa kubana. Ukikosea mbili, ya pili inagoma. Ukiilazimisha unaharibu meno ya ndani ya hendo, na hapo umeharibu hendo na tundu kwa mpigo.

Turudi kwa dada yetu na hendo zake kumi za 128. Pesa imeshaenda, tuzitumie. Pengo kati ya 96 na 128 ni 32, na kila aina ya mlango una njia yake.

Kwenye milango hendo inasimama wima, na hakuna atakayelalamika ikishuka au kupanda kidogo. Kwa hiyo tundu moja libaki, litobolewe moja tu jipya. Milango ya kabati la chini bakiza tundu la juu, shuka milimita 32 kutoka lile la chini. Milango ya kabati la ukutani geuza: bakiza la chini, panda 32 kutoka la juu. Milango sita, matundu mapya sita.

Kwenye droo hendo inalala katikati, na hapo ujanja huo haufai. Ukibakiza tundu moja, hendo nzima inasogea milimita 16 upande mmoja, na jicho linaona mara moja. Droo inataka matundu yote mawili mapya, kila moja milimita 16 nje ya lile la zamani. Hakiki: 16, 96 na 16 ni 128. Droo nne, matundu manane. Jumla kuu ni matundu mapya 14, na ya zamani 14 ya kuzibwa, kwa sababu hendo hizi zimeinuka juu ya mbao na tundu tupu litakuwa linakukodolea macho.

Kabla ya drili, chukua kadibodi ya boksi la sabuni. Laza hendo, weka alama za matundu ya miguu yake, toboa kwa msumari, halafu jaribu hendo juu ya hiyo kadi. Skrubu zote mbili zikiingia bila kusukumwa, kadi hiyo ndiyo kipimo cha kabati zima, usipime tena kila mlango. Donoa kwa msumari pale unapotoboa ili ncha ya drili isiteleze, anzia upande wa mbele, na mwambie mtu abane kipande cha mbao chakavu kwa nyuma ili mlango usichanike drili inapotokea.

Matundu ya zamani yazibwe kwa kijiti cha mbao kavu kilichopakwa gundi nyeupe ya mbao. Acha kikauke usiku kucha, kata kilichozidi, piga msasa, paka rangi. Kabati lake ni la kupakwa rangi, kwa hiyo limesalimika. Lingekuwa la mninga lenye vanishi ningemwambia mengine kabisa: auze hizo hendo kwa jirani hata kwa hasara, anunue za 96. Kiraka kwenye mninga huonekana hata usiku wa mgawo wa umeme. Bodi za kiwandani zenye ngozi ya plastiki nazo ni hivyohivyo.

Kitu kimoja cha mwisho ambacho fundi hatakwambia mpaka kikwame: skrubu. Zinazokuja na hendo mara nyingi zina urefu wa milimita 25, sawa kwa mlango wa unene wa 18, kwa sababu milimita 7 zinabaki kuingia kwenye hendo. Droo nyingi zina mbao mbili mbele, ya sanduku na ya uso, na unene unapita 30. Hapo skrubu ya 25 haitokei hata upande wa pili. Pima unene, ongeza 7 au 8, nunua hizo. Ikiwa ndefu mno utajua: unakaza hadi mwisho na hendo bado inacheza.

Na mnaoagiza kutoka mbali, acheni kutaja namba kwa simu tu. Laza karatasi juu ya matundu, sugua kwa penseli hadi yajitokeze, ipe karatasi yenyewe ipande basi. Au laza tepu juu ya matundu, piga picha ukiwa umesimama mbele yake sawasawa, maana ukipiga kwa upande namba zinahama, halafu tuma kwa Watsapu. Anayekununulia naye aweke hendo juu ya karatasi palepale kaunta, kabla hajatoa pochi.

Dada wa Lagangabilili, una matundu 14 na wakwe wanakuja mwisho wa mwezi. Anza na droo, ndizo ngumu. Wengine wenye maswali ya bawaba, nimeyaona, wiki ijayo.