Pima kompyuta kwa dakika kumi kabla ya kufunga mzigo

Mfanyabiashara anayechukua kompyuta mpakato zilizotumika hapa Kampala na kuzipeleka Goma au Juba hupigia hesabu namba moja tu, ile ya gigahezi iliyoandikwa kwenye tangazo. Mteja akishalalamika huko, mpaka umeshavukwa na kurudisha mzigo ni gharama juu ya gharama. Wengi humwita muuzaji tapeli. Mimi nasema mara nyingi tatizo ni kwamba tumenunua namba bila kuuliza inadumu kwa muda gani.

Chukua prosesa ya Intel Core i5-8250U, iliyotoka mwaka 2017. Matangazo huandika gigahezi 3.4. Kiwango hicho ni kilele. Kasi ya msingi ambayo Intel yenyewe imeiandika ni gigahezi 1.6, kwa matumizi ya wati 15. Prosesa ikipewa kazi nzito, hupanda kwanza na kula umeme zaidi ya wati hizo 15. Ruhusa hiyo ni ya muda, na kwa kawaida ni kama sekunde 28. Baada ya hapo hurudishwa kwenye wati zake, na kasi hushuka nazo. Kwa kazi inayotumia viini vyote vinne, mara nyingi hutulia karibu na gigahezi 2.4.

Kwa anayeandika barua hilo halina uzito, maana kazi yake huisha kabla ya sekunde hizo. Lakini mteja wa Nasser Road anayetengeneza mabango ya kuchapa, au kijana anayehariri video za harusi, hufanya kazi ya saa nzima. Kazi ambayo ingechukua dakika 60 kwa gigahezi 3.4 itachukua dakika 85 kwa gigahezi 2.4. Hakuna kilichoharibika hapo. Mashine inafuata kikomo cha umeme alichokiweka mtengenezaji, na kompyuta nyingine yenye prosesa hiyohiyo inaweza kuwekewa wati 25 na kuishinda.

Kikomo cha pili ni joto, na hiki ndicho kinachowaumiza wanaovuka mipaka. Prosesa hiyo ikifika nyuzi 100 hujipunguzia kasi ili isiungue. Sasa tuseme umeipima Kampala, hewa ya dukani ikiwa nyuzi 26, nayo ikatulia kwenye nyuzi 92. Tofauti yake na hewa ni nyuzi 66. Ipeleke Juba mwezi Machi, hewa ikiwa nyuzi 38, tofauti ileile ingeifikisha nyuzi 104. Haitafika huko, itapunguza kasi kwanza. Mashine iliyokuwa sawa Kampala inakuwa nzito Juba, na wewe unaitwa mwongo.

Kwa hiyo ninashauri kila mzigo upimwe dakika kumi, si dakika moja. Chomeka chaja utakayoiuza pamoja na mashine, kwa sababu kuna kompyuta ambazo zikikuta chaja zisiyoitambua hushusha kasi hata chini ya gigahezi moja. Fungua 7-Zip, ingia Tools kisha Benchmark, uiache irudie mizunguko, na ikisimama kabla ya dakika kumi uianzishe tena mara moja. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha CPU, na utazame namba ya Speed. Andika ya mwanzo, kisha ya dakika ya kumi. Hiyo ya mwisho ndiyo unayoinunua.

Ikiwa imeshuka, programu ya HWiNFO itakuonyesha sababu. Joto likiwa nyuzi 75 na mstari wa Power Limit Exceeded unaandika Yes, ndivyo ilivyoundwa. Punguza bei au mtafutie mteja wa kazi nyepesi. Thermal Throttling ikiandika Yes, fungua mfuniko. Mara nyingi utakuta vumbi limeziba njia ya feni, au ile dawa iliyopakwa kati ya prosesa na kipoozeo imekauka. Hilo fundi huliondoa, na mashine hurudi kwenye kasi yake. Ikiwa imesafishwa na bado inafika nyuzi 100, umbo lake jembamba halina nafasi ya kupoa, na fundi hawezi kukusaidia.

Muuzaji atakuambia mashine 40 zitachukua siku nzima. Si kweli: unaweza kuwasha kumi kwa pamoja, na ndani ya saa moja umemaliza. Akikataa, dai bei ya gigahezi za msingi, kwa sababu zaidi ya hizo hakuna aliyekuahidi chochote. Na ukifika Juba au Goma, mwandikie mteja wako namba ya dakika ya kumi kwenye risiti, ajue anacholipia.