Tarehe iliyogoma si adui yako

Haya wadau, nimerudi. Najua nimekaa kimya wiki tatu nzima na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimehama chuo. Sijahama. Nilikuwa nalipa dhambi za Excel, na leo nimekuja kugombana. Nagombana na nyie mnaosema kila siku, "Ah, tarehe tu hizo, badilisha format, kwisha." Haijesha. Na kwa sababu ya kauli hiyo hiyo, ambayo hata mie nilikuwa naisema, mama wa watu alikaribia kutozwa shilingi 29,500 ambazo hakuwa akidaiwa.

Nianze na kisa. Mtaani kwetu Ng'ambo kuna kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Mhazini wao ana daftari zuri tu, kila malipo yameandikwa kwa mkono, siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka, kama sote tulivyofundishwa skuli. Mwisho wa mwaka 2023 walinipa daftari niliingize kwenye kompyuta, manake mie ndo "mtoto wa chuo". Nikachapa mistari 140 kama nilivyoiona. Kisha nikaweka hesabu ya faini: mkopo ule ulitakiwa ulipwe mwisho tarehe 10 Julai 2023, na kila siku ya kuchelewa ni shilingi 500.

Kwenye safu ya faini baadhi ya seli zikaniandikia #VALUE!. Nikazifuatilia moja moja. Mmoja alilipa 14/7/2023, Excel haikuielewa, nikairekebisha kwa mkono: siku nne, shilingi 2,000, sawa kabisa. Nikajisifu, nikapeleka orodha.

Kesho yake akaja Bi mmoja jirani, muuza urojo, ana umri wa kunizaa mara mbili. Kwenye orodha yangu amechelewa siku 59. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Mwanangu, mie pesa nilileta siku moja kabla. Huo mwezi wa tisa ulioandika hapa nilikuwa Pemba kwa binti yangu. Nitalipa vipi Unguja nami nipo Pemba?" Tukafungua daftari. Limeandikwa 9/7/2023. Tarehe tisa mwezi wa saba. Kompyuta yangu ilikuwa imeisoma 7 Septemba.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Kompyuta nyingi tunazotumia hapa zimewekwa English (United States) tangu dukani na hakuna aliyegusa. Kwa mpangilio huo mwezi unatangulia siku. Ukichapa 14/7/2023, Excel inatafuta mwezi wa kumi na nne, haiupati, inaiacha kama maandishi ya kawaida na kuisogeza kushoto mwa seli. Ukichapa 9/7/2023 inaona mwezi wa tisa, siku ya saba, inafurahi, inaigeuza tarehe kamili na kuiweka kulia. Iliyogoma ni nzima, bado ina ukweli wote ulioandika. Iliyokubali ndiyo mgonjwa. Na sisi tunakwenda kuwatibu wazima!

Mkitaka kuona ukubwa wa balaa, hesabuni siku za mwaka mmoja wa siku 365. Siku zenye namba ya 13 na kuendelea ni 221, hizo zote zitagoma mbele ya macho yako. Zinazobaki ni 144. Kati ya hizo, 12 hazidhuriki kwa sababu siku na mwezi ni namba moja, kama 4/4 au 9/9. Zinabaki siku 132 zinazogeuzwa kimya kimya, bila #VALUE!, bila rangi nyekundu, bila chochote. Ni zaidi ya theluthi moja ya mwaka.

Chukueni mfano ambao hata mtoto wa darasa la nne anaujua. Zanzibar ilipata uhuru 10/12/1963, na Mapinduzi yakawa 12/1/1964. Kati yake ni siku 33. Chapeni hizo mbili kwenye kompyuta ya mpangilio wa Kimarekani kisha toeni ya kwanza kwenye ya pili. Mtapata 416. Excel imesoma 12 Oktoba 1963 na 1 Desemba 1964, na haioni aibu yoyote. Ongezeni Muungano, 26/4/1964, kisha panga kuanzia ya zamani. Muungano utakaa chini kabisa, na ukitazama haraka utasema mpangilio ni sahihi. Umekaa chini kwa sababu umebaki maandishi, na Excel huweka maandishi baada ya namba. Ungekuwa wa mwaka 1800 ungekaa pale pale.

Sasa twende kwa watu wa "badilisha format". Ndani ya seli tarehe si 9/7/2023. Ni namba, hesabu ya siku kuanzia 1 Januari 1900 ambayo ni namba 1. Tarehe 9 Julai 2023 ni 45116, na 7 Septemba 2023 ni 45176. Ukiingia Format Cells unabadilisha nguo tu, mwili ni ule ule 45176. Faida moja tu ya Format Cells ni kupeleleza: weka dd mmm yyyy ili jina la mwezi lionekane, hapo utaona Sep pale ulipotegemea Jul.

Na wale wa "badilisha mpangilio wa kompyuta, weka English (United Kingdom)"? Fanyeni, ni jambo jema, lakini linasaidia utakachochapa kesho. Yaliyokwishageuka namba hayarudi. Hatari zaidi, ukichapa upya zile zilizogoma tu baada ya kubadilisha, utakuwa na safu ambayo zote zimekaa kulia, zote zinapendeza, na sehemu yake ni uongo. Hapo hata dalili umeshaifuta.

Mie nilivyotengeneza ni hivi. Kwanza sikugusa safu ya asili, A, hata kidogo. Jibu likaenda safu B. Kwenye safu C kwa muda niliweka =ISNUMBER(A2) kujua ipi ni namba na ipi ni maandishi. Kisha safu D, kwa zile namba tu, =DAY(A2). Hiki ndicho kipimo ninachotaka mkumbuke: katika malipo ya mwaka mzima, haikuwepo hata namba moja yenye siku zaidi ya 12. Watu hawalipi madeni tarehe 1 mpaka 12 tu maisha yao yote. Ukiona hivyo, safu yako imegeuzwa.

Baada ya kuwa na hakika kwamba zote zilichapwa siku kwanza, kwenye kompyuta ile ile moja, niliweka hii:

```
=IF(ISNUMBER(A2),
 DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),
 DATE(RIGHT(A2,4),
  MID(A2,4,FIND("/",A2,4)-4),
  LEFT(A2,2)))
```

Maana yake ni nyepesi. Kama seli ni namba, Excel ilibadilisha siku na mwezi, basi tunavirudisha mahali pake. Kama ni maandishi, tunayakata wenyewe: herufi mbili za mwanzo ni siku, kwa sababu iliyogoma lazima ni 13 au zaidi, nne za mwisho ni mwaka, kilicho kati ya mikwaju ndicho mwezi. Angalieni nafasi tupu mwishoni mwa seli. Mstari mmoja nilikuwa nimebonyeza kitufe cha nafasi baada ya mwaka, fomula ikachukua "023 " na kunipa 1923. Safisha na TRIM kwanza. Zilizoandikwa kwa nukta, kwa mwaka wa tarakimu mbili, au "9 Julai 2023" zitabaki na makosa au kuleta vioja, hizo nilizifanya kwa mkono nikiwa na daftari mbele. Na niseme ukweli, za "Julai" ndizo nilizozipenda kuliko zote, hazina namna mbili za kusomeka.

Kisha nikahakiki. Daftari linaandikwa kwa mfululizo, kwa hiyo tarehe hairudi nyuma. Kuanzia mstari wa tatu niliuliza =B3<B2, na kila TRUE nikaifungulia daftari. Zilikuwa mbili, zote kosa langu la kuchapa. Bi wa urojo akasoma siku moja kabla, faini sifuri. Mwisho nikaipa safu B sura moja, yyyy-mm-dd, yaani 2023-07-09. Mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Ndio utaratibu wa ISO 8601, na uzuri wake ni kwamba hata ikibaki maandishi bado inapangika sawa.

Sasa mbishi mmoja ataniambia, "Basi fomula ipo, tatizo liko wapi?" Tatizo ni lile sharti: kompyuta moja. Kama nusu ya safu ilichapwa kwenye kompyuta ya Kimarekani na nusu kwenye ya Kiingereza, kisha zikaunganishwa, 9/7 ya huku na 9/7 ya kule ni namba mbili tofauti na hakuna fomula duniani itakayojua ipi ni ya nani. Utabaki na mfululizo wa daftari, au kumbukumbu ya nani alichapa nini. Ukikosa vyote, tarehe hizo zimekufa, na uungwana ni kuziacha wazi kuliko kuzikisia.

Kwa hiyo nyie mnaokwenda mazoezini mwezi ujao, mtakabidhiwa madaftari ya watu. Msichape tarehe kwa mikwaju. Chapeni 2023-07-09, au wekeni safu tatu: siku, mwezi, mwaka. Mtaniambia inachosha. Mie nilikwenda na mhazini nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa akina mama ambao niliwapa siku za kuchelewa wasizokuwa nazo. Hiyo ndiyo inachosha.

Bi wa urojo kanisamehe, na bakuli kanipa bure. Nimelipa hata hivyo, na kwenye daftari lake nimeandika jina la mwezi kwa herufi.

Haya, semeni. Mbishi aje na safu yake.