Mama hakukosea kusoma

Mwezi uliopita mama mdogo, anayeishi Kigoma, alimwandikia mama hapa Uvira: “2nakuja kesho, cjui saa ngapi.” Mama akapika chakula cha wageni wawili. Wakashuka watano.

Nyumbani tulicheka, tukasema ni uzee. Mimi leo nakataa. Mama alisoma kilichoandikwa. Anayeandika “2nakuja” anahesabu kwa Kiingereza, ambako mbili hutamkwa “tu”. Na “cjui” ni hivyo hivyo: Kiingereza huiita c “si”, lakini sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa huiita “se”. Mama alitamka “sejui”, akaniuliza hicho ni kijiji gani.

Za Kifaransa zina mtego mwingine. “Slt” na “bjr” ni salamu zilizonyang’anywa irabu, na mama alizikisia mwenyewe. Lakini “mdr” ni herufi za mwanzo za maneno matatu. Hapo hakuna cha kukisia. Nilimweleza kwamba maana yake ni kufa kwa kicheko. Akanyamaza kidogo.

“Basi siku ile nilipomwandikia kaka yako kwamba nimeanguka sokoni, ndivyo alivyonijibu?”

Ndivyo.

Tangu hapo simpi orodha ya vifupisho akariri. Namwambia aulize kwanza herufi inasomwa kwa lugha gani. Naye ana swali lake: “2nakuja” na “tunakuja” zinapishana herufi moja tu, sasa mama mdogo aliokoa nini? Bado sijamjibu.